Folda Moja Yenye Barua Zako Zote: Profaili ya Thunderbird na Namna ya Kuihamisha

Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na tangu hapo ofisi nyingi zimekuwa zikinunua kompyuta mpya. Kwa wanaosoma barua pepe kwa Thunderbird, siku ya kompyuta mpya huwa na mshtuko wake. Programu inapakuliwa bure, inasakinishwa kwa dakika chache, inafunguka, na ndani hamna kitu. Barua za miaka yote hazipo, anwani hazipo, iliyopo ni fomu inayokuuliza jina lako na barua pepe yako kana kwamba hamjawahi kuonana.

Hakuna kilichopotea. Thunderbird ina sehemu mbili, na hazikai mahali pamoja. Ya kwanza ni programu yenyewe, ambayo kwenye Windows kwa kawaida hukaa ndani ya `C:\Program Files\Mozilla Thunderbird`. Hiyo haina chako hata kimoja, na ikiharibika leo unapakua nyingine leo hii hii. Ya pili ni profaili. Hii ni folda iliyobeba kila kilicho chako: barua, akaunti, nywila, kitabu cha anwani, kalenda na sheria za kuchuja barua. Ukiweza kuifikisha folda hii nzima kwenye kompyuta mpya, na ukaionyesha programu ilipo, Thunderbird itafunguka vile vile ulivyoiacha. Kazi yote ya kuhama ni hiyo, na karibu kila balaa linalowakuta watu hutokea kwa kuikata folda hiyo vipande au kuinakili wakati usiofaa.

Folda yenyewe iko wapi

Kwenye Windows, profaili hukaa ndani ya `AppData`, folda ambayo Windows huificha, ndiyo maana watu hupekua diski nzima wasiione. Njia ya uhakika ni kuiuliza Thunderbird yenyewe. Fungua menyu ya mistari mitatu, nenda `Help`, kisha ubofye `Troubleshooting Information`. Utaona jedwali refu. Tafuta mstari ulioandikwa `Profile Folder`, ubofye `Open Folder`, na folda itafunguka mbele yako.

Jina lake huanza na herufi na tarakimu nane zisizo na maana yoyote, kisha nukta, kisha neno kama `default-release`. Ukirudi nyuma hatua moja utaingia `Profiles`, na hapo pengine utakuta folda mbili, moja ikiishia na `default` na nyingine na `default-release`. Mara nyingi hiyo ya kwanza ni tupu, Thunderbird iliiunda siku ya kusakinishwa na haikuitumia tena. Mtu anayebahatisha hunakili folda hiyo tupu, hufuta kompyuta ya zamani, kisha hushangaa. Kitufe cha `Open Folder` kinakupeleka kwenye ile inayotumika sasa hivi, kwa hiyo andika jina lake pembeni.

Thunderbird hujuaje ifungue profaili ipi? Hatua moja nyuma ya `Profiles` kuna faili dogo liitwalo `profiles.ini`. Ukilifungua kwa Notepad utaona mistari ya namna hii:

```
[Profile0]
Name=default-release
IsRelative=1
Path=Profiles/k3v9x2qa.default-release
```

Kila programu inapowashwa husoma faili hili kwanza, kisha huifuata folda iliyotajwa kwenye `Path`. Hapa ndipo penye siri ya ile fomu tupu kwenye kompyuta mpya: Thunderbird ilikuta hakuna faili kama hili, ikaunda profaili mpya isiyo na kitu, ikafungua hiyo.

Ndani mna nini

Majina ya ndani yanatisha kidogo, lakini machache tu ndiyo ya kufahamu. Folda ya `Mail` ina barua za akaunti za POP pamoja na zile ulizojihifadhia ndani ya kompyuta, ambazo kwenye kioo huitwa `Local Folders`. Folda ya `ImapMail` ina nakala za barua za akaunti za IMAP. Faili la `prefs.js` limebeba mipangilio yote ya akaunti. `abook.sqlite` ni kitabu chako cha anwani, na `history.sqlite` ni anwani ambazo Thunderbird iliziokota yenyewe kila ulipomwandikia mtu.

Nywila ziko kwenye mafaili mawili, `logins.json` na `key4.db`. La kwanza lina nywila zilizofichwa kwa maandishi ya siri, la pili lina ufunguo wa kuyasoma maandishi hayo. Ukichukua moja ukaacha jingine, nywila hazisomeki tena.

Ukiingia ndani ya `Mail`, utakuta faili linaloitwa `Inbox`, bila nukta wala kiambishi chochote mwishoni. Hilo ndilo sanduku lako zima la barua zilizoingia. Kwa mpangilio wa kawaida, Thunderbird haiweki kila barua katika faili lake. Huziunganisha zote katika faili moja refu la maandishi, barua baada ya barua, viambatisho vikiwa humo humo. Pembeni yake kuna `Inbox.msf`, ambalo ni faharasa tu, yaani orodha ya kuiwezesha programu kuonyesha vichwa vya barua haraka. Faharasa ikiharibika hutengenezwa upya kutokana na `Inbox`. `Inbox` ikiharibika, faharasa haiwezi kukurudishia barua. Ukiona pia folda iitwayo `Inbox.sbd`, humo ndimo zilimo folda ndogo ulizounda chini ya Inbox.

Muundo huu una tokeo moja ambalo wengi hawalitarajii. Unapofuta barua, maandishi yake hayaondoki kwenye faili papo hapo. Yanawekewa alama ya kufutwa na kubaki humo mpaka Thunderbird ifanye usafi unaoitwa `Compact Folders`. Kwa hiyo mtu anaweza kuona barua chache kwenye kioo huku faili la `Inbox` likiwa kubwa ajabu. Kumbuka hilo, litatukuta tena mbele.

POP na IMAP: nani ana cha kupoteza

Kabla ya kugusa chochote, jua akaunti yako ni ya aina gani. Fungua `Account Settings`, kisha `Server Settings`, na juu kabisa utaona `Server Type`.

Ikiwa ni IMAP, kama ilivyo kawaida kwa Gmail, barua zako zinaishi kwenye seva na Thunderbird inakuonyesha nakala. Hata ukianza na profaili tupu, ukiingiza akaunti yako barua zitashuka upya. Hasara yako itakuwa bando, muda, na vile vitu ambavyo seva haivijui: `Local Folders`, sheria za kuchuja, saini, na anwani zilizohifadhiwa ndani ya kompyuta.

Ikiwa ni POP, mambo ni mazito zaidi. POP huzivuta barua kutoka kwenye seva na kuzileta kwako, na seva nyingi huambiwa zizifute baada ya hapo, ama mara moja au baada ya siku kadhaa. Barua ya mwaka 2017 yenye ankara unayoihitaji huenda haipo popote duniani isipokuwa ndani ya lile faili la `Inbox`. Mwenye POP hahamishi nakala, anahamisha asili.

Mfano mmoja, hatua kwa hatua

Tuchukue ofisi ya uwakala wa forodha pale Kurasini, Dar es Salaam. Karani wake anatumia Windows 10, ana akaunti mbili ndani ya Thunderbird: ya kampuni ambayo ni POP, na ya Gmail ambayo ni IMAP. Amenunuliwa kompyuta yenye Windows 11. Anabofya folda yake ya profaili kwa kitufe cha kulia, anachagua `Properties`, na kuona ina gigabaiti 11. Faili la `Inbox` la kampuni peke yake lina gigabaiti 5, kwa sababu hati za meli na matamko ya forodha huja kama viambatisho vizito.

Thunderbird ina njia yake rahisi ya kuhamia: menyu ya `Tools`, kisha `Export`, hutengeneza faili moja la zip, na kwenye kompyuta mpya unalipokea kwa `Import`. Kwa profaili ndogo njia hii inatosha kabisa. Lakini kikomo chake ni gigabaiti 2, kwa hiyo karani wetu hawezi kuitumia. Itabidi anakili folda kwa mkono.

Kwanza anatazama toleo. Kwenye kompyuta ya zamani anafungua `Help`, kisha `About Thunderbird`, anaandika namba anayoiona. Kompyuta mpya lazima iwe na toleo hilo hilo au jipya zaidi. Thunderbird hutolewa kwa mikondo miwili, mmoja wa kila mwezi na mwingine wa muda mrefu uitwao ESR, na mtu anaweza kupakua leo ESR ambayo namba yake iko chini ya ile aliyokuwa akiitumia. Akifanya hivyo atakutana na ujumbe unaosema ameanzisha toleo la zamani, pamoja na kitufe cha `Create New Profile`. Asikibofye, hakitaharibu barua, ila kitampeleka kwenye profaili tupu na kumchanganya. Dawa ni kutoka na kusakinisha toleo jipya.

Pili, anakagua kama kuna kitu kinachokaa nje ya profaili. Kwenye `Server Settings` ya kila akaunti, chini kabisa, kuna kisanduku cha `Local Directory` kinachoonyesha barua za akaunti hiyo ziko wapi. Zikiwa ndani ya folda ya profaili, hakuna neno. Lakini kama zamani mtu aliziweka kwenye `D:\Barua`, folda hiyo nayo inabidi ichukuliwe, na kwenye kompyuta mpya irudishwe kwenye njia ile ile. Saini pia ina mtego huo: ikiwa imewekwa kama faili au picha iliyoko Desktop, profaili imebeba anwani ya faili hilo tu, faili lenyewe halimo.

Tatu, anaifunga Thunderbird. Kufunga dirisha pekee hakutoshi kuwa ushahidi. Anafungua Task Manager na kuhakikisha `thunderbird.exe` haionekani kwenye orodha. Programu ikiwa bado inaandika ndani ya mafaili wakati unayanakili, nakala ya `abook.sqlite` au ya `Inbox` inaweza kutoka nusu nusu, na hutajua mpaka uihitaji. Akishaifunga, anachomoa intaneti kwenye kompyuta hiyo, kwa sababu nitakayoieleza.

Nne, ananakili. Anabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, anaandika `%APPDATA%\Thunderbird\Profiles`, na folda inafunguka bila kutafuta `AppData` iliyofichwa. Anaichukua folda yake nzima na kuipeleka kwenye flashi ya gigabaiti 32. Kazi inaenda vizuri, kisha inasimama: Windows inasema faili la `Inbox` ni kubwa mno kwa flashi hiyo, ingawa flashi ina nafasi tele. Sababu ni kwamba flashi imepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi gigabaiti 4. Hapa ndipo watu wengi hubofya `Skip` na kuendelea, na hivyo kuhamisha kila kitu isipokuwa sanduku la barua lenyewe. Dawa ni kuipanga flashi upya kwa exFAT, baada ya kuokoa vilivyomo kwa kuwa kupanga upya hufuta vyote, au kutumia diski ya nje ambayo tayari ni exFAT au NTFS.

Huenda mtu akasema basi tufanye kwanza `Compact Folders` ili `Inbox` ipungue. Inawezekana ikapungua kweli, kwa kuwa zile barua zilizofutwa zitaondoka. Lakini usafi huo huliandika upya faili zima, na kompyuta ikizimika katikati kwa umeme kukatika, unalichezea faili ambalo huna nakala yake. Nakili kwanza, usafi baadaye.

Tano, analinganisha. Anafungua `Properties` za folda ya asili na za nakala, akitazama mistari miwili: `Size` na `Contains`, unaotaja idadi ya mafaili na folda. Vyote vinatakiwa vifanane. Mstari wa `Size on disk` aupuuze, maana hubadilika kutoka diski moja hadi nyingine hata pale ambapo hakuna kilichopungua.

Sita, anahamia kompyuta mpya. Anasakinisha Thunderbird, anaifungua mara moja ili iunde folda zake, anaifunga bila kujaza ile fomu. Kisha anafungua tena `%APPDATA%\Thunderbird\Profiles` na kubandika humo folda aliyokuja nayo, ikae kando ya zile tupu zilizoundwa. Hana haja ya kumwaga yaliyomo ndani ya profaili nyingine. Kuchanganya mafaili ya profaili mbili ndiko kunakozaa akaunti zisizofunguka.

Saba, anaionyesha programu folda hiyo. Anakata intaneti kwanza, kisha anabonyeza Windows na R na kuandika:

```
thunderbird.exe -P
```

Kinafunguka kidirisha cha kuchagua profaili. Anabofya `Create Profile`, anaipa jina, kwa mfano `kazi`, kisha kabla ya kumaliza anabofya `Choose Folder` na kuichagua ile folda yenye herufi nane aliyoibandika. Ni muhimu achague folda hiyo hasa. Akiishia kwenye `Profiles` iliyo juu yake, Thunderbird itaanza upya humo. Akimaliza anaweka alama ya vema kwenye `Use the selected profile without asking at startup`, na kuwasha. Katika kidirisha hicho kuna pia kitufe cha `Delete Profile`, ambacho kina chaguo la `Delete Files`. Hicho huifuta folda pamoja na barua zake, kwa hiyo si mahali pa kufanyia majaribio.

Kujua kama kweli umefika

Thunderbird ikifunguka na akaunti zote mbili zikionekana upande wa kushoto, kazi haijaisha. Karani anabofya `Inbox` kwa kitufe cha kulia, anachagua `Properties`, na kusoma `Number of messages`. Anafanya hivyo hivyo kwenye kompyuta ya zamani, ikiwa bado haina intaneti, na kulinganisha. Kisha anafungua barua moja ya zamani sana yenye kiambatisho na kukifungua kiambatisho chenyewe, anatafuta jina moja kwenye kitabu cha anwani, na kutazama kama sheria zake za kuchuja zipo.

Ikitokea `Inbox` inaonekana tupu au ina barua chache, asiingiwe na hofu mara moja. Aangalie ukubwa wa faili ndani ya folda. Likiwa bado na gigabaiti zake 5, barua zimo na kilichochafuka ni faharasa. Kwenye `Properties` hizo hizo kuna `Repair Folder` inayoitengeneza upya. Faili likiwa dogo au halipo, nakala haikukamilika, na inabidi kurudi kwenye hatua ya nne.

Hesabu zikishakubali, ndipo anaunganisha intaneti, na kwenye kompyuta mpya peke yake. Sababu ni ile akaunti ya POP. Kompyuta mbili zikivuta barua kutoka sanduku moja la POP, inayotangulia hubeba barua mpya na nyingine huzikosa, na baada ya siku chache barua za mteja mmoja zimegawanyika pande mbili. Akaunti ya Gmail huenda ikaomba aingie upya; hilo ni jambo la kawaida la usalama, wala si dalili ya kosa.

Flashi na kompyuta ya zamani

Ile flashi sasa ina `logins.json` na `key4.db` zikiwa pamoja. Kama karani hakuwahi kuweka nywila kuu, inayopatikana kwenye `Settings`, kisha `Privacy & Security`, chini ya jina `Primary Password`, basi yeyote atakayeiokota flashi hiyo anaweza kuifungua profaili kwenye kompyuta yake, akasoma barua zote, na kuziona nywila zikiwa wazi. Kwa hiyo nakala ya akiba ikae kabatini chini ya ufunguo, isizunguke mfukoni na flashi za kuchapishia hati.

Kompyuta ya zamani aiache vilevile, bila intaneti, kwa wiki mbili tatu za kazi ya kawaida, maana upungufu mwingine hujitokeza pale tu mtu anapoitafuta barua fulani. Muda huo ukipita bila pengo, kompyuta ya zamani isafishwe kabla ya kupewa mtu mwingine. Kuondoa Thunderbird kupitia orodha ya programu za Windows hakutoshi, kwa kuwa huondoa programu na kuiacha profaili pale pale ilipokuwa. Folda ya `%APPDATA%\Thunderbird` inafutwa kwa mkono, na Recycle Bin inamwagwa. Kompyuta ikiwa inauzwa, diski nzima ifutwe kwa `Reset this PC`, kwa chaguo la kuondoa kila kitu na kusafisha diski.